Kitunguu kimoja, slaidi mbili: kufuatilia kromosomu katika mitosisi na meiosisi

Kitunguu maji kina kromosomu 16 katika kila seli ya mwili wake, yaani jozi 8. Kromosomu zake ni kubwa na hushika rangi vizuri. Zaidi ya hapo, mmea huohuo unatoa mitosisi kwenye ncha za mizizi na meiosisi ndani ya matumba ya maua. Maabara nyingi za shule huweka ncha ya mzizi wa kitunguu upande mmoja na korodani ya panzi upande wa pili, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Namba za mwanzo za viumbe hao wawili hazilingani, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kujua kama upungufu anaouona umetokana na mgawanyiko au ni tofauti ya viumbe tu. Tumia kitunguu pande zote mbili. Slaidi zote zitaanza na 16, na tofauti yoyote itakayojitokeza itakuwa kazi ya mgawanyiko wenyewe.

Kwanza, unahesabu nini?

Makosa mengi ya somo hili hayatokani na hadubini bali na kuhesabu vitu viwili tofauti kwa jina moja. Kabla ya seli kuanza kugawanyika, DNA yake hunakiliwa. Kila kromosomu inabaki moja lakini sasa ina kromatidi mbili zilizoshikamana kwenye sentromia. Kwa hiyo shika kanuni hii kuanzia mwanzo hadi mwisho: idadi ya kromosomu ni idadi ya sentromia zilizo huru. Kromatidi mbili zilizoshikana sentromia ni kromosomu moja. Zikiachana, kila moja inahesabiwa kuwa kromosomu kamili tangu sekunde ile.

Chora safu tatu kwenye daftari: kromosomu, kromatidi, na kiasi cha DNA. Kiasi cha DNA hakionekani kwa hadubini ya kawaida, unakijaza kwa kufikiri. Kiasi kilichomo kwenye seli ya chavua iliyotoka tu kwenye meiosisi kiite C. Seli ya mzizi kabla ya kunakili DNA ina 2C, na baada ya kunakili ina 4C. Kumbuka kwamba kunakili hakubadilishi safu ya kwanza: 2C inakuwa 4C huku kromosomu zikibaki 16.

Kuandaa slaidi ya mzizi

Kata mizizi mikavu iliyo kwenye kitako cha kitunguu, kisha kiweke juu ya glasi ya maji kitako kikigusa maji tu. Mizizi mipya huanza kutoka baada ya siku mbili hadi nne. Ikifika urefu wa sentimita 1 hadi 2, kata ncha zenye urefu wa sentimita 1 na uzitumbukize papo hapo kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki isiyochanganywa na maji sehemu 1. Ziache humo saa 24, halafu zihamishie kwenye alkoholi ya asilimia 70, ambamo zitadumu kwa wiki kadhaa zikiwa kwenye friji. Mchanganyiko huo utengenezwe siku ileile ya kutumika. Ukikaa, ethanoli na asidi humenyuka pamoja, nguvu yake hupungua, na kromosomu hutoka zikiwa zimevimba na kingo zisizoeleweka.

Siku ya kutazama, pasha asidi hidrokloriki ya molari 1 hadi nyuzi 60 za Selsiasi na uiweke mizizi humo kwa dakika 5. Asidi hii huyeyusha gundi inayoshikanisha seli. Dakika zikipungua, seli zitabaki bonge moja lisilopondeka. Zikizidi sana, mzizi utavurugika na kromosomu zitashika rangi hafifu. Kuipata molari 1, pima mililita 8.3 za asidi kali ya asilimia 37, uimimine polepole ndani ya maji, kisha ongeza maji hadi mililita 100. Asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si kinyume chake, na macho yawe na miwani ya maabara.

Suuza mzizi kwa maji, uweke kwenye kioo cha slaidi, na ukate milimita 1 hadi 2 za mwisho kwa wembe. Sehemu nyingine yote itupe. Hapa ndipo slaidi nyingi hufa: mtu hubakisha milimita 5, na seli zinazogawanyika zinafunikwa na maelfu ya seli ndefu ambazo zilishaacha kugawanyika. Dondoshea rangi ya aseto-orseini, subiri dakika 10, ifyonze kwa karatasi ya kuchuja, kisha weka tone la asidi asetiki ya asilimia 45 na ufunike kwa kioo chembamba. Gongagonga juu yake taratibu kwa upande wa penseli wenye kifutio mpaka kipande kitawanyike kama wingu. Mwisho funika kwa karatasi ya kuchuja na ubonyeze kwa dole gumba moja kwa moja kuelekea chini. Kioo kikiteleza hata kidogo, seli zinajiviringisha na slaidi imekwisha.

Usiiloweke mizizi kwenye kolkisini kwa zoezi hili. Ni kweli hutawanya kromosomu vizuri kwa kuhesabu, lakini huvunja nyuzi za spindeli zinazovuta kromosomu, kwa hiyo hutapata anafezi hata moja, yaani hatua ya makundi mawili kuondoka kila moja upande wake, na bila anafezi hakuna cha kulinganisha.

Kuandaa slaidi ya ua

Tafuta kitunguu kilichotoa shina la ua, ambacho kichwa chake cha maua bado kimefunikwa na ngozi yake nyembamba au ngozi hiyo ndiyo kwanza inapasuka. Matumba yaliyomo hayalingani umri, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa kichwa kimoja kinaweza kukupa hatua zote. Yahifadhi kwa mchanganyiko uleule wa 3 kwa 1.

Anza na tumba la milimita 3 hivi. Lipasue kwa sindano, toa vifuko vya chavua, na uponde kimoja tu ndani ya tone la rangi ya asetokamini. Kifuko kikiwa tayari cha manjano, umechelewa. Tumia sindano ya chuma cha kawaida, kwani chembe za chuma zinazoingia kwenye asetokamini huifanya kromosomu ikolee. Usizidishe kukoroga, maana chuma kikizidi, saitoplazimu nayo inageuka nyeusi. Ondoa ngozi za kifuko, funika, pasha slaidi juu ya taa ya spiriti kwa kuipitisha mara kadhaa bila kuchemsha, kisha bonyeza.

Slaidi ya kwanza ni ya kupima umri tu. Ukiona seli kubwa zenye nyuzi zilizosokotana, uko kwenye profezi I, chukua tumba kubwa kidogo. Ukiona seli nne nne zilizoshikana, au chembe mojamoja zenye ukuta mnene, umepita, rudi kwenye tumba dogo zaidi. Seli za kifuko kimoja huwa karibu hatua moja, kwa hiyo ukishapata metafezi I, vifuko vingine vya tumba hilohilo vitakufaa vilevile.

Profezi: hapa ndipo njia zinapoachana

Tafuta kwa lenzi ya ×10, hesabu kwa ×40. Kwenye mzizi, profezi ni kiini chenye nyuzi zinazozidi kunenepa. Nyuzi hizo ni kromosomu 16, kila moja peke yake. Kromosomu iliyotoka kwenye chavua na mwenzake iliyotoka kwenye yai hazitafutani hata kidogo. Safu zako zinasomeka 16, 32, 4C.

Kwenye ua, profezi I huchukua muda mrefu kuliko hatua nyingine zote za meiosisi, na sababu yake inaonekana kwenye kioo. Wenza wa kila jozi hutafutana na kulala ubavu kwa ubavu kwa urefu wao wote. Katika kipindi cha pakitini utaona nyuzi nene zilizosokotana kiasi cha kutohesabika, nawe usijaribu. Wakati huo ndipo kromatidi za wenza hukatika na kuunganishwa upya kwa kubadilishana vipande. Baadaye, kwenye diplotini na diakinesi, wenza huanza kuachana lakini hubaki wameshikwa mahali ambapo kubadilishana kulifanyika. Sehemu hizo za kushikana huitwa viazma.

Diakinesi ndiyo hatua bora ya kuhesabu katika somo zima. Utaona vitu 8. Kila kimoja ni baivalenti, yaani kromosomu mbili zenye kromatidi nne. Umbo lake linaeleza viazma vilikuwa wapi: pete ina kiazma kwenye kila upande wa sentromia, fimbo ina kimoja karibu na mwisho, na msalaba una kimoja mahali pa kati. Mwanafunzi anayeandika “kromosomu 8” hapa amekosea. Sentromia ni 16, kwa hiyo safu zinasomeka vilevile kama za mzizi: 16, 32, 4C. Idadi haijabadilika. Kilichobadilika ni mpangilio.

Metafezi na anafezi: hesabu inapoamuliwa

Metafezi ikitazamwa kwa ubavu ni mstari mnene tu, na kuhesabu kromosomu kwenye mstari huo ni kubahatisha. Zunguka slaidi mpaka upate seli inayotazamwa kutoka juu, ambapo kromosomu zimejipanga kwa duara. Kwenye mzizi zitakuwa 16, moja moja, na kromatidi dada za kila moja zimeelekezwa pande zinazopingana. Kwenye ua vitakuwa vitu 8, na ukivikuta kwa ubavu utaona kila baivalenti imevutwa huku na huku, sentromia moja juu ya ikweta ya seli na nyingine chini yake.

Sasa zitazame anafezi mbili kwa zamu, kwani hakuna ulinganisho unaofundisha zaidi ya huu. Katika anafezi ya mzizi, sentromia zimeachana. Makundi mawili yanaondoka, kila moja likiwa na kromosomu 16 za kromatidi moja, zenye umbo la V au J, sentromia ikitangulia na mikono ikifuata. Seli nzima kwa muda huo ina kromosomu 32. Haitoshi kuandika “16 inabaki 16”, kwa sababu njiani ilipanda hadi 32, kisha ukuta mpya ukaigawa.

Katika anafezi I ya ua, sentromia haziachani. Kinachoachana ni wenza. Kila kundi linapata kromosomu 8, na kila kromosomu bado ina kromatidi mbili ambazo mikono yake imetanuka. Badala ya V moja unaona V mbili zilizoungana kwenye ncha. Hesabu mikono: miwili kwa kila sentromia ni mitosisi au anafezi II, minne ni anafezi I. Kigezo hiki hufanya kazi hata pale ambapo huwezi kuhesabu kromosomu zote.

Hapa ndipo idadi inapopungua kutoka 16 hadi 8, yaani katika mgawanyiko wa kwanza, wala si wa pili. Kwenye kitunguu hili linaonekana waziwazi, kwa kuwa ukuta hujengwa mara tu baada ya telofezi I, nawe unapata seli mbili pacha, kila moja ikiwa na kromosomu 8, kromatidi 16 na 2C. Hakuna kunakili DNA baada ya hapo. Ikiwa seli ingenakili tena, mgawanyiko wa pili usingekuwa na maana yoyote.

Mgawanyiko wa pili unafanana na mitosisi: sentromia zinaachana, kromosomu za kromatidi moja zinaondoka nane nane. Matokeo ni seli nne zilizoshikana, kila moja ikiwa na kromosomu 8, kromatidi 8 na 1C.

| Hatua | Kromosomu | Kromatidi | DNA |
|---|---|---|---|
| Mzizi: metafezi | 16 | 32 | 4C |
| Mzizi: anafezi, seli nzima | 32 | 32 | 4C |
| Mzizi: kila seli mpya | 16 | 16 | 2C |
| Ua: metafezi I | 16 (baivalenti 8) | 32 | 4C |
| Ua: anafezi I, seli nzima | 16 | 32 | 4C |
| Ua: kila seli ya pacha | 8 | 16 | 2C |
| Ua: anafezi II, seli nzima ya pacha | 16 | 16 | 2C |
| Ua: kila seli kati ya nne | 8 | 8 | 1C |

Linganisha mstari wa tatu na wa sita. Seli zote mbili zina 2C, lakini moja ina kromosomu 16 na nyingine 8. Kiasi cha DNA peke yake hakikuambii seli ni diploidi, yenye jozi kamili, au haploidi, yenye kromosomu moja tu ya kila jozi, na ndiyo sababu tunabeba safu tatu.

Utofauti wa kurithi unazaliwa wapi

Slaidi haikuonyeshi jeni. Inakuonyesha matukio mawili yanayochanganya jeni, nayo ni viazma na mpangilio wa baivalenti kwenye ikweta. Mengine unayafuata kwa kalamu.

Chukua jozi moja. Kromosomu iliyotoka kwa mzazi mmoja ina jeni A karibu na sentromia na B mbali nayo, kwenye mkono uleule. Mwenzake ina a na b. Kwenye mzizi, kila seli mpya inapata AB pamoja na ab, sawasawa na seli mama, hata ukifuata migawanyiko elfu. Mabadiliko ya ghafla ya DNA ndiyo pekee yanayoweza kuleta tofauti.

Kwenye ua, tuseme kiazma kimoja kimetokea kati ya A na B. Kromatidi mbili tu kati ya nne ndizo zilizobadilishana vipande. Sasa kromosomu moja ina kromatidi AB na Ab, na mwenzake ina aB na ab. Tazama kilichotokea kwa kile kinachoitwa “kromatidi dada”: hazifanani tena. Anafezi I inapeleka A upande mmoja na a upande mwingine, kwa hiyo jeni iliyo karibu na sentromia imetengana na mwenzake mapema. Lakini B na b bado wako pamoja ndani ya kila seli ya pacha. Wataachana kwenye anafezi II tu, na seli nne za mwisho zitakuwa AB, Ab, aB na ab, kila moja ya aina yake. Kama kiazma kisingetokea kati ya jeni hizo mbili, zingekuwa AB, AB, ab, ab.

Kwa hiyo kauli kwamba meiosisi II ni mitosisi tu ya seli haploidi ni sahihi kwa hesabu ya kromosomu, lakini si sahihi kwa urithi. Mitosisi inatenganisha nakala zinazofanana, meiosisi II inatenganisha kromatidi ambazo profezi I ilishazitofautisha.

Chanzo cha pili ni mpangilio. Kila baivalenti inaweza kukaa na upande wowote juu, bila kujali jirani yake imekaaje. Kwa baivalenti 8, michanganyiko inayowezekana kwa kila seli ya chavua ni 2 kwa kipeo cha 8, yaani 256, hata bila kiazma chochote. Yai nalo lina 256 zake, na chavua ikikutana na yai, miungano inayowezekana ni 65,536. Kwa binadamu mwenye jozi 23, gameti za mzazi mmoja zinafika 8,388,608.

Namba 256 inahitaji uangalifu. Seli mama moja haitoi aina 256, inatoa seli nne tu. Bila viazma, seli hizo nne ni za aina mbili, kwa kuwa mpangilio wake kwenye metafezi I ni mmoja. Ili kuzifikia 256 unahitaji seli mama nyingi, kila moja ikijipanga kwa bahati yake. Na hesabu hii inamaanisha kitu pale tu ambapo wenza wa kila jozi wanatofautiana. Kitunguu ambacho kromosomu zake zote mbili za kila jozi zina jeni zilezile kitatoa chavua zilizo sawa, hata viazma viwe vingi namna gani.

Unapoona vitu vinane

Kwenye slaidi ya ua, vitu vinane vinaweza kuwa mambo matatu tofauti, na hapo ndipo mtazamaji makini anapojulikana. Vikiwa vinene, vina umbo la pete, fimbo au msalaba, ndani ya seli kubwa ya mviringo, hiyo ni metafezi I au diakinesi na kromosomu ni 16. Vikiwa vyembamba, kila kimoja na kromatidi zake mbili, ndani ya seli iliyo nusu ya pacha na jirani yake iko hatua ileile, hiyo ni metafezi II na kromosomu ni 8.

Cha tatu huwapotosha wengi. Chembe changa ya chavua, baada ya kuachana na wenzake watatu, hufanya mitosisi yake yenyewe. Utaona kromosomu 8 zenye kromatidi mbili zimejipanga kama metafezi II, lakini chembe iko peke yake na imezungukwa na ukuta mnene wa chavua. Hiyo ni mitosisi ya seli haploidi. Imeshanakili DNA upya, 1C ikawa 2C, na itatoa viini viwili vyenye kromosomu 8 kila kimoja vinavyofanana kabisa.

Ukikuta kromosomu 16 moja moja kwenye slaidi hiyohiyo, usiseme wenza wamekataa kuungana. Tazama kwanza ukubwa na umbo la seli. Ikiwa ni ndogo, ina pembe, na imebanwa na majirani pande zote, ni seli ya ukuta wa kifuko iliyo kwenye mitosisi ya kawaida. Na ukihesabu 14 au 15 pale ulipotarajia 16, angalia kama slaidi ni ya kununua iliyokatwa kwa mashine. Kisu hupita katikati ya seli na kuacha baadhi ya kromosomu kwenye kipande cha jirani. Slaidi za kukatwa zinafaa kuonyesha seli zilivyopangana kwenye mzizi. Kwa kuhesabu, tumia za kuponda, na hesabu seli zisizopungua tano zilizotawanyika vizuri kabla ya kuandika namba kwenye safu.